Weupe wa Chini Kulia: Asiye Mtaalamu Aseme Nini Mbele ya Eksirei

Swali lililozaa makala haya limetoka kwa msomaji anayeishi Barking, mashariki mwa London. Kazi yake ni kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, kuwatoa wodini na kuwapeleka chumba cha eksirei, kisha kuwarudisha. Kwao Tanga habari hiyo imefika ikiwa imekua njiani: kijana wetu yuko hospitali kubwa London. Basi shangazi yake alipokohoa karibu wiki tatu na kupigwa picha ya kifua, filamu ilishikwa kwenye kioo cha dirisha, ikapigwa picha kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp, pamoja na sauti ya shangazi mwenyewe: "Baba, wewe ndiye unayeshinda na madaktari. Hebu itazame, utuambie."

Wakati huohuo jirani mmoja alikwishatoa hukumu. Pafu la kushoto limeharibika, moyo umevimba, na dalili zote ni za kifua kikuu. Msomaji wetu si daktari na hakutaka kujifanya daktari, lakini pia hakutaka kumjibu shangazi yake kwa kunyamaza. Aliuliza hivi: kuna jambo lolote ambalo mtu kama yeye anaweza kulisema kuhusu picha ile, likawa kweli na lisimdhuru mtu?

Lipo, tena zaidi ya moja. Anaweza kusema picha ni ya nani, ilipigwa vipi na lini, na akiwa na jicho tulivu anaweza kusema weupe uko wapi. Asichoweza ni kuupa weupe huo jina la ugonjwa. Na lililo gumu zaidi kwake, ingawa huonekana jepesi, ni kusema kwamba hakuna kitu.

Yeye mwenyewe angepigwa picha London, hali ingekuwa tofauti kidogo. Tangu Oktoba 2023 hospitali za Guy's na St Thomas' na za King's College hutumia mfumo mmoja wenye programu ya simu iitwayo MyChart, na mgonjwa hufungua humo akasoma majibu ya vipimo vyake. Kwa eksirei, kinachobeba maana humo ni maneno, yaani ripoti ya mtu aliyefundishwa kusoma picha. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 2017 kuhusu mionzi kwa wagonjwa, kila picha iliyopigwa lazima itathminiwe na tathmini hiyo iandikwe. Filamu ya shangazi ilifika Barking bila maneno hayo. Jambo la kwanza la kumwambia shangazi, kabla ya kuitazama picha, ni kwamba aulize ripoti iko wapi.

Sasa tuitazame.

Kwenye kona ya filamu kuna herufi R, ya madini ya risasi, iliyowekwa na mpiga eksirei kuonyesha upande wa kulia wa mgonjwa. Katika picha iliyotumwa, herufi hiyo inasomeka kinyumenyume, mgongo wake ukielekea upande usio wake. Hapo tayari kuna habari kamili: filamu ilishikwa dirishani ikiwa imegeuzwa. Eksirei ya kifua hutazamwa kana kwamba mgonjwa amesimama mbele yako anakutazama, kulia kwake kukiwa kushoto kwako. Jirani aliijua kanuni hiyo, na ndiyo maana akakosea. Ukiigeuza picha mpaka R isomeke, weupe uliokuwa "pafu la kushoto" unahamia la kulia, na ncha ya moyo, iliyokuwa imeelekea upande usio wa kawaida, inarudi kushoto kwa mgonjwa. Kugundua hilo hakuhitaji udaktari hata chembe. Kunahitaji kuangalia kona za picha kabla ya kuangalia katikati, na huko konani ndiko kuliko na jina, tarehe na herufi.

Kwenye kona nyingine kuna herufi mbili, AP. Hizi ndizo zinazoamua habari ya moyo kuvimba. Picha ya kawaida ya kifua hupigwa mgonjwa akiwa amesimama, kifua kimegusa bamba la kupokea picha, mionzi ikitokea mgongoni kwake kutoka umbali wa kama mita 1.8. Hiyo huitwa PA. Mgonjwa aliye dhaifu hupigwa akiwa ameketi kitandani, bamba likiwa mgongoni na mashine mbele yake, mara nyingi kwa umbali mfupi zaidi. Hiyo ndiyo AP. Moyo umekaa upande wa mbele wa kifua, kwa hiyo katika AP uko mbali na bamba, na kivuli cha kitu kilicho mbali na ukuta hutanuka. Tuseme moyo una upana wa sentimita 13. Ukiwa sentimita 5 kutoka kwenye bamba na chanzo cha mionzi kikiwa sentimita 180, kivuli chake kitakuwa sentimita 13.4. Ukiwa sentimita 15 kutoka kwenye bamba na chanzo kikiwa sentimita 100, kivuli kinafika 15.3. Moyo ni uleule. Kile kipimo maarufu, kwamba moyo usizidi nusu ya upana wa ndani wa kifua, kiliwekwa kwa picha ya PA ya mtu aliyesimama na kuvuta pumzi ndani sawasawa. Kwa hiyo kuhusu moyo wa shangazi msomaji wetu anaweza kusema jambo moja la uhakika, kwamba picha hii haiwezi kutumika kuupima.

Yamebaki yale ya pafu, na hapa ndipo eksirei inapofanya jambo la kuvutia kuliko yote.

Eksirei ni kivuli, na kivuli hakina kina. Mbavu za mbele, moyo, pafu, uti wa mgongo na mbavu za nyuma, vyote vimelazwa juu ya bamba moja. Mtu angedhani haiwezekani kabisa kujua kama weupe fulani uko mbele au nyuma ya kifua. Inawezekana, na siri yake iko kwenye kingo.

Chukua dirisha lenye jua nyuma yake na ufunge kamba mbili, moja karibu nawe na nyingine nyuma yake karibu na kioo. Kwenye kamba ya mbele anika kipande cha melimeli kinachofunika nusu ya dirisha. Ukisimama ndani ya chumba unaona mstari ulionyooka katikati ya dirisha, na mstari huo ni ukingo wa kitambaa. Unauona kwa sababu upande mmoja mwanga unapita kwenye tabaka moja la nguo na upande wa pili haupiti kwenye chochote. Sasa chukua kipande cha pili cha melimeli ileile, ukianike kwenye kamba hiyohiyo ya mbele, ukingo wake ukigusana na wa kwanza bila pengo. Mstari unatoweka. Kitambaa cha kwanza hakikukatwa wala hakikusogezwa, ukingo wake uko palepale, lakini pande zote mbili sasa zina tabaka moja na jicho halina tofauti ya kushika. Kiondoe kile cha pili, uchukue kingine kipana cha kutosha dirisha zima, ukianike kwenye kamba ya nyuma. Dirisha lote linafifia, hata hivyo mstari umerudi, kwa kuwa upande mmoja una tabaka mbili na wa pili una moja. Mtu aliyesimama mlangoni, asiyeziona kamba, anaweza kusema kitambaa kilichoongezwa kiko kwenye kamba ipi. Anachohitaji kujua ni kama ukingo wa kwanza umebaki au umepotea.

Kwenye eksirei rangi ni kinyume, kwamba penye tabaka nyingi ndipo peupe, ila hesabu ni hiyohiyo. Moyo ni kitambaa cha kamba ya mbele. Ukingo wake wa kulia huonekana vizuri kwa sababu pembeni yake kuna pafu lililojaa hewa. Pafu la kulia lina sehemu tatu, ya juu, ya kati na ya chini. Ya kati iko mbele, imeegemea moyo. Ya chini iko nyuma zaidi, na imekalia kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Sehemu ya kati ikijaa majimaji, ukingo wa kulia wa moyo unafutika. Ikijaa ya chini, ukingo wa moyo unabaki hata kama weupe umepita juu yake, na kinachofutika ni mstari wa kuba la kiwambo.

Benjamin Felson, daktari wa radiolojia wa Cincinnati nchini Marekani, aliieleza dalili hii mwaka 1950, na mpaka leo ni kati ya mambo ya mwanzo ambayo mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kuhusu kifua. Kwa Kiswahili tuiite ukingo uliopotea, maana jicho hutafuta mstari uliotakiwa kuwepo na haupo.

Picha ya shangazi, ikishageuzwa sawasawa, ina weupe kama wingu chini kulia. Ukingo wa kulia wa moyo unaonekana wote, kuanzia juu hadi chini. Kuba la kiwambo cha kushoto limechorwa vizuri. La kulia halipo, mstari unaanzia ubavuni na kumezwa na weupe kabla ya kufika katikati. Kwa hiyo tatizo, liwe lolote, linaelekea kuwa katika sehemu ya chini ya pafu la kulia, au katika nafasi inayoizunguka. Hivyo ndivyo tulivyotoka kwenye "pafu la kushoto limeharibika", na tumefika hapa kwa herufi moja na mstari mmoja.

Lakini ni tatizo gani? Hapa sharti tusimame, na sababu ya kusimama imo ndani ya dirisha lilelile. Ule mchezo wa vitambaa ulifaulu kwa sababu vyote viwili vilikuwa melimeli. Eksirei ya kawaida hutofautisha vitu kwa makundi matano tu: hewa, mafuta, majimaji pamoja na nyama, mfupa, na chuma. Msuli wa moyo umo katika kundi la majimaji. Usaha umo humohumo, na damu, na maji yaliyovuja kuzunguka pafu, na uvimbe wa saratani, na pafu lililosinyaa kwa kukosa hewa. Kama usaha na msuli wa moyo visingelingana mbele ya mionzi, ukingo usingepotea na Felson asingekuwa na la kueleza. Ulinganifu huo uliotuonyesha mahali ndio unaotuficha jina. Kwa hiyo weupe wa chini kulia unaweza kuwa nimonia, unaweza kuwa maji, unaweza kuwa saratani iliyoziba njia ya hewa na kulifanya pafu lisinyae nyuma yake, na unaweza pia kuwa kifua kikuu, ingawa kwa watu wazima kifua kikuu hupenda zaidi sehemu za juu za mapafu. Daktari huchagua kati ya hayo kwa kutumia vitu visivyokuwemo kwenye filamu: homa, muda wa kikohozi, uzito uliopungua, makohozi yaliyopimwa maabara. Jirani aliyetaja kifua kikuu hakukisoma kwenye picha. Alikitoa kwenye yale anayoyajua kuhusu wakohozi wa mtaa wake, kisha akakibandika kwenye filamu.

London imewahi kulijaribu swali la msomaji wetu kwa vitendo, tena kwa njia rahisi ajabu. Miaka ya 1980, usiku katika idara za dharura, picha za mifupa zilisomwa na madaktari vijana wa zamu, na daktari bingwa wa radiolojia aliziona baadaye. Mpiga eksirei, aliyekwishaona maelfu ya vifundo vya mikono, mara nyingi aliuona ufa ambao daktari kijana aliupita, ila kutamka ugonjwa haikuwa kazi yake. Mwaka 1985 Laurence Berman, Gerald de Lacey na wenzao walichapisha katika British Medical Journal utaratibu uliojaribiwa London ya kaskazini-magharibi: mpiga eksirei akishuku kitu, abandike kitone chekundu kwenye filamu. Hakuandika neno lolote. Kitone kilisema "tazama tena kabla hujamruhusu mgonjwa aende", basi. Wazo hilo likaenea katika hospitali za Uingereza.

Kitone chekundu ni kipimo kizuri cha anachoweza kusema mtu asiye na mamlaka ya kutaja ugonjwa. Kinaelekeza jicho bila kuhukumu, na kikikosea hasara yake ni dakika mbili za daktari kutazama mara ya pili. Lakini kilikuwa na kasoro iliyojitokeza baadaye. Filamu isiyo na kitone ilimaanisha nini? Huenda mpiga eksirei aliitazama na hakuona kitu. Huenda alikuwa na foleni ya wagonjwa kumi na hakuitazama kabisa. Huenda aliona kitu akasita. Daktari aliyepokea filamu tupu hakuweza kujua, na wengine wakaanza kuisoma kama cheti cha uzima. Ndiyo maana leo chama cha wapiga eksirei cha Uingereza kinahimiza maoni mafupi ya maandishi badala ya kitone, ili ukimya usigeuke kuwa jibu.

Ukimya unaogeuka kuwa jibu ndio unaotufikisha kwenye sentensi ya hatari kuliko zote, "picha iko safi". Sentensi hii ni ngumu hata kwa bingwa, sembuse msukuma vitanda. Sehemu kubwa ya pafu imejificha nyuma ya moyo na nyuma ya kuba la kiwambo, na ncha za juu zimefunikwa na mitulinga pamoja na mbavu za kwanza. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika British Journal of General Practice ulikuta kwamba eksirei ya kifua huigundua saratani ya mapafu kwa takriban watu wanne kati ya watano walio nayo. Wa tano anaambiwa picha iko sawa. Hao walisomewa na watu waliofundishwa, kwenye skrini maalumu. Picha ya hospitali huwa na maelfu ya ngazi za kijivu kati ya nyeusi na nyeupe. Simu iliyoelekezwa kwenye filamu dirishani inabakiza mia mbili na kitu, na jua la nyuma linaunguza hizo zilizo muhimu. Mstari mwembamba wa hewa iliyoponyoka nje ya pafu unaweza kupotea kabisa humo, na mtu huyo anahitaji daktari saa hiyohiyo.

Mwaka 2017 ilionekana nini hutokea kazi ya kusema "iko safi" ikiachiwa wasiofundishwa. Wakaguzi wa huduma za afya wa Uingereza waliichunguza hospitali ya Queen Alexandra mjini Portsmouth, wakakuta zaidi ya picha 20,000 za kifua za mwaka mmoja ambazo hazikusomwa rasmi na mtaalamu. Zilikuwa zimeachiwa madaktari wa wodini, wakiwemo vijana waliolalamika kwamba hawakufundishwa kazi hiyo. Kulikuwa na wagonjwa watatu wa saratani ya mapafu waliopata madhara makubwa kwa sababu picha zao hazikutathminiwa na mtu anayefaa. Hao walioachiwa picha walikuwa madaktari kamili, wenye shahada.

Basi jibu la kumpelekea shangazi linaweza kuwa refu kuliko msomaji wetu alivyodhani. Filamu ilishikwa kinyume, tatizo liko kulia. Ukubwa wa moyo hauwezi kupimwa kwa picha hii. Chini kulia kuna weupe unaofuta mstari wa kiwambo, kwa hiyo kuna kitu cha kutafutwa, na daktari aliyeagiza picha aulizwe ni nini na ripoti imesemaje. Makohozi yapimwe, hata kama daktari anadhani ni nimonia, kwa kuwa kikohozi kimefika wiki tatu. Na akipewa dawa akapata nafuu, aulize kama picha irudiwe. Mwongozo wa chama cha madaktari wa kifua cha Uingereza unashauri picha ya pili baada ya kama wiki 6 kwa wagonjwa wa nimonia ambao dalili hazijaisha au walio katika hatari zaidi ya saratani, hasa wavutaji sigara na waliozidi miaka 50. Usaha hufutika kwa dawa, na uvimbe hubaki palepale.

Liko jambo moja zaidi ambalo ndugu hulifanya vizuri kuliko daktari yeyote, nalo ni kukumbuka picha za zamani. Kovu la kifua kikuu kilichopona na kifua kikuu kilicho hai vinaweza kufanana sana kwenye filamu moja. Kwenye filamu mbili zilizopishana miaka mitano, kovu ni lile ambalo halijabadilika. Waombaji wengi wa viza ya Uingereza ya zaidi ya miezi 6 kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walipigwa eksirei ya kifua kabla ya safari, na wale ambao picha zao zilitia shaka walitoa makohozi siku tatu mfululizo, kisha wakangoja majibu ya kuotesha vijidudu kwa hadi wiki 8. Wengi waliihifadhi karatasi ya cheti na kuisahau picha yenyewe. Miaka kumi baadaye, daktari wa London anapoona alama kwenye ncha ya pafu, picha hiyo ya Nairobi inaweza kumwepusha mgonjwa na vipimo vingi. Anayeitafuta aombe nakala ya faili halisi, ya aina inayoitwa DICOM, kwenye diski au kwa kiungo cha kupakua. Ndani ya faili hiyo mmebaki ngazi zote za kijivu, pamoja na jina, tarehe na upande.